Picha ya Macheo Hupigwa Kabla ya Macheo

Saa kumi na moja na robo alfajiri, siku moja ya mwisho wa Septemba, nilimkuta mpiga picha amesimama kwenye kona ya maegesho ya Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, simu ameilaza kiganjani kama mtu aliyebeba sahani ya uji wa moto. Alikuwa anasoma dira. Nyuma yake wapiga debe walishaanza kazi: Arusha hapa, Dodoma hapa, Mbeya imebaki siti moja, na siti hiyo moja ilikuwa imebaki tangu nilipoingia getini. Basi alilokuja kulipiga picha lilikuwa bado halijafika. Alichokuwa akitafuta ni upande ambao pua ya basi itaelekea.

"Jua litatokea pale," aliniambia, akinyoosha mkono gizani usawa wa nguzo moja ya taa. "Kwa hiyo basi litakaa hivi. Likikaa vingine, asubuhi yangu imekwenda na maji."

Kazi yenyewe ukisimuliwa unaiona nyepesi. Kampuni moja ya mabasi ya mikoani ilitaka bango la kubandika kwenye ofisi zake za tiketi: basi stendi, alfajiri, abiria wanapanda, mbingu imeiva rangi ya chungwa nyuma yao. Mabango ya namna hiyo tumeyaona wote tangu utotoni. Nilikwenda nikidhani nitaandika habari ya watu kuamka mapema. Nikarudi na habari ya mlango.

Kwanza hilo la alfajiri. Kwa msafiri wa Tanzania, safari ndefu na saa kumi na mbili asubuhi ni kitu kimoja, na haikuwa hivyo kwa bahati tu. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, kwa hiyo aliyetaka kufika mbali kabla giza halijaingia alilazimika kuondoka mapema kadiri sheria ilivyoruhusu. Ubungo ya zamani ikifika saa kumi na mbili ilikuwa inatapika mabasi kwa mkupuo mmoja, la Bukoba nyuma ya la Moshi, kila moja likipiga honi. Shughuli hizo zilihamia Mbezi mwaka 2021, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Leo unaweza kuondoka Dar saa tatu usiku ukitaka. Lakini picha ya safari iliyomo vichwani mwa watu haijabadilika pamoja na ratiba. Ukimwambia mtu achore basi linaanza safari, atakuchorea jua linachomoza.

Sasa hapo ndipo saa na jua vinapoanza kugombana. Basi la saa kumi na mbili kamili, kwa miezi mingi ya mwaka, huondoka Dar es Salaam kabla jua halijatoka. Mwezi wa Julai jua la Dar huchomoza yapata saa 12:36, na muda huo basi limeshaacha stendi nyuma zaidi ya nusu saa. Mapema Novemba huchomoza mapema kuliko wakati wowote, kama saa 11:55. Tofauti ya dakika 40 ndani ya mwaka mmoja inatokea hata huku kwetu karibu na ikweta, mahali tulipozoea kusema kwamba jua halina msimu. Ukienda Mwanza mambo yanasogea tena, kwa sababu tunatumia saa moja nchi nzima lakini jua huwafikia wa Dar kwanza. Mwanza huchomoza dakika 25 hivi baadaye. Kwa hiyo aliyeko Mwanza akitaka kupiga picha ya abiria wa saa kumi na mbili kamili wakimulikwa na jua, hatampata abiria huyo mwezi wowote.

Siku niliyokwenda mimi jua lilikuwa linachomoza saa 12:09. Mpiga picha hakuichagua kwa kubahatisha. Mwisho wa Septemba mvua za vuli kwa kawaida hazijashika, mbingu ya mashariki huwa na uwezekano mzuri wa kuwa wazi, na halafu, hili ndilo alilolitaka, dakika kumi na tano kabla ya jua ni saa 11:54, wakati ambao stendi imejaa watu wanaopanda mabasi kwelikweli. Mwanga anaouhitaji na pilikapilika anazozihitaji vinakutana.

Nilimuuliza kwa nini dakika kumi na tano kabla, wakati kampuni imeagiza macheo.

Jibu lake lilianzia kwenye mlango. Kwetu magari hutembea kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto wa basi, mbele kabisa, kabla ya gurudumu la kwanza. Bango la abiria wanaopanda lazima lioneshe mlango huo. Bango la kampuni lazima pia lioneshe uso wa basi, maana huko ndiko kuna jina, kioo kikubwa na ubao wa taa unaotaja mji linakokwenda. Uso na mlango kwa pamoja huonekana ukisimama sehemu moja tu: pembeni mwa kona ya mbele kushoto. Ukihamia kona ya kulia unamwona dereva dirishani kwake na ubavu mrefu usio na mtu hata mmoja anayepanda.

Basi. Mpiga picha hana uhuru wa kuzunguka, amefungwa kwenye kona hiyo. Akitaka mashariki iwe nyuma ya basi, yeye mwenyewe asimame magharibi mwa basi, na ili kona ya mbele kushoto imwelekee, pua ya basi itazame kaskazini-magharibi na mlango utazame kusini-magharibi. Chukua kiberiti, kichore mlango kushoto, kizungushe juu ya meza ukikiwekea taa upande mmoja kama jua. Utaona hakuna namna nyingine.

Na hapo hapo utaona tatizo lake. Taa iko nyuma ya kiberiti, kwa hiyo pande zote mbili unazoziona wewe ni za kivuli. Jua likishatoka nyuma ya basi, kamera inakupa moja kati ya mawili. Inakupa jua zuri na basi jeusi tii kama jiwe la makaa, jina la kampuni halisomeki. Au inakupa basi linaloonekana vizuri na mbingu iliyoungua ikawa nyeupe kama shuka. Jicho la binadamu huyaona yote mawili kwa wakati mmoja bila shida, ndiyo maana mwenye kampuni aliyesimama pale haelewi kwa nini picha haikutoka. Kamera haina ukarimu huo.

Unaweza kugeuza mambo, ukaliweka jua mgongoni mwako. Basi litang'aa kama sahani mpya. Lakini sasa mbingu iliyo nyuma ya basi ni ya magharibi, ya buluu tupu, na atakayeliona bango ofisini atadhani ni saa nne asubuhi.

Njia anayoifuata huyu dada, na wengi wa kazi hii, ni kupiga kabla jua halijatoka. Kabla ya macheo mbingu ya mashariki ina rangi zake zote, chungwa chini, waridi juu yake, buluu iliyokolea juu kabisa, lakini bado haina nguvu ya kulishinda basi. Basi nalo lina taa zake: za ndani, za ubao, taa ndogo za mbele, na mwanga wa stendi unaomwagika juu ya bati. Kuna dakika chache ambazo mwanga wa mbingu na mwanga wa basi vinalingana, kama watu wawili wanaopishana kwenye ngazi. Hapo kamera inaviona vyote.

Tatizo ni kwamba kwetu hawapishani polepole. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, halichomozi kwa kuteleza upande kama la Ulaya. Mapambazuko ya London mwezi wa Juni, tangu mtu aweze kuona njia mpaka jua litoke, huchukua zaidi ya dakika 40. Ya Dar ni dakika 22 hivi, na ndani ya muda huo mwanga huongezeka maradufu kila baada ya kama dakika tatu. Vijana wanaojifunza upigaji picha mtandaoni husoma maelekezo yaliyoandikwa huko na kuambiwa wana saa nzima ya mwanga mzuri. Wakifika Mbezi wanaikuta imeisha wakiwa bado wanafungua mkoba. Dakika za kulingana zenyewe, kwa hesabu za dada huyu, ni sita au saba. Siku hiyo alizitegemea kati ya saa 11:52 na 11:59.

Basi liliingia saa 11:20. Lilikuwa la kwenda Dodoma, linaondoka saa kumi na mbili na nusu, na uongozi wa stendi ulikuwa umeshatoa kibali cha kutumia kona ile kwa nusu saa. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, aliegesha mara moja akazima injini. Pua ilikuwa inatazama kaskazini kabisa.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba uilaze kidogo kushoto."

"Marahaba. Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako, mzee. Mpaka nikuone wewe na mlango kwa pamoja."

Ilichukua kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu, utingo akigonga bati kwa kiganja, twende, twende, simama. Basi la mita 12 halizungushwi kama bajaji, na nyuma yake kulikuwa na mabasi mengine yakirudi kinyumenyume. Kijana mmoja mwenye kizibao cha kuakisi alikuwa na kazi moja tu asubuhi nzima: kumtazamia mpiga picha mgongo wake, maana mtu aliyegandisha jicho kwenye kamera hasikii honi.

Basi lilipokaa sawa, kamera iliwekwa kwenye miguu mitatu, umbali wa mita kumi. Mimi nilidhani angerudi nyuma zaidi ili basi zima liingie. Hapana. Bango lililoagizwa ni la wima, kipimo cha A1, upana sentimita 59 na urefu 84. Basi ni kitu kirefu cha kulala. Ukilitaka basi zima, kutoka pua mpaka mkia, ndani ya bango la wima, inabidi urudi nyuma sana, na utakachopata ni basi dogo katikati, lami tupu chini, mbingu tupu juu. Ukitumia lenzi pana ili ukae karibu, pua ya basi inavimba kama samaki bunju. Alichofanya ni kuachana na mkia. Uso wa basi, mlango na madirisha mawili ya kwanza vinatosha, macho ya mtazamaji yatamalizia basi lililobaki. Sehemu ya tatu ya juu ya picha aliiacha mbingu peke yake, kwa sababu huko ndiko litakakokaa jina la kampuni na namba za simu za kukatia tiketi. Mpiga picha asiyeacha nafasi hiyo humlazimisha mchoraji wa bango kuandika juu ya nyuso za watu.

Halafu taa. Dereva aliwasha za mbele kwa moyo wote, zikamwaga mwanga mkali moja kwa moja kwenye lenzi. Akaombwa abaki na taa ndogo. Ndani ya basi kulikuwa na taa za zambarau, zile zinazofanya basi lifanane na ukumbi wa harusi, na abiria chini yake wanaonekana kama wagonjwa. Konda alijua swichi ilipo, zikaja nyeupe.

Picha ya kwanza ya majaribio ilikuwa na kituko. Ubao wa taa juu ya kioo ulioandikwa DODOMA, kwenye kamera ulisomeka DO MA, katikati pamezimika. Konda alikimbilia kuangalia nyaya. Hakukuwa na ubovu wowote. Taa ndogondogo za ubao ule huwaka kwa zamu, safu kwa safu, haraka mno kiasi kwamba jicho linaziona zote pamoja. Kamera iliyofunguka kwa sehemu moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde inazikuta baadhi ziko kwenye zamu ya kuzimika. Dada akashusha mwendo hadi sehemu moja ya sitini, neno likarudi kamili. Ukiona bango ambalo ubao wake umekatika herufi, au umebandikwa maandishi ya kompyuta juu yake, ujue hapo ndipo mtu alipokosea.

Lakini mwendo huo wa polepole una gharama yake. Mtu anayetembea anaacha ukungu mahali pa mguu. Ndiyo maana wanaoonekana wakipanda mabasi kwenye mabango mazuri huwa hawatembei. Ukiwaambia wagande na mguu mmoja hewani, wanafanana na sanamu za duka la nguo. Ujanja wake ulikuwa kutafuta tendo ambalo mtu husimama mwenyewe bila kuambiwa. Mlangoni mwa basi lipo moja: abiria ananyoosha tiketi, konda anaipokea na kuisoma. Kwa sekunde mbili hivi wote wawili wametulia, mikono imekutana, macho yako kwenye karatasi. Picha yote ilijengwa juu ya sekunde hizo mbili.

Abiria wenyewe walikuwa sita, na hapa niseme wazi kwamba hakuna aliyekuwa anakwenda Dodoma. Wawili walikuwa watumishi wa ofisi ya kampuni, wanne ndugu na jamaa waliolipwa nauli na chai, kila mmoja akiwa ametia saini fomu ya kukubali sura yake itumike kwenye tangazo. Abiria halisi walisubiri pembeni na mizigo yao wakitazama mchezo.

Kuna wanaoona huo ni udanganyifu, kwamba ungepiga tu watu waliopo. Mimi naona ni adabu. Mtu aliyekuja stendi kwenda kumuuguza mama yake hakuja kutangaza biashara ya mtu, na sura yake ikishabandikwa ofisi ishirini haibanduki kirahisi. Sheria nayo imeshalifikia jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa jirani zetu wa Kenya faini zilishaanza kupigwa: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe shilingi milioni 1.85 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa sababu hiyo dada hakukubali mtoto yeyote aingie kwenye picha ila mmoja, aliyekuja na mama yake, na mama ndiye aliyesaini.

Wale sita walikuwa wamejipamba kuliko abiria yeyote niliyewahi kukaa naye. Hilo lingevumilika. Kilichoharibu ni mizigo. Mama wa katikati alikuwa na begi kubwa la shangazi kaja, lile la mirabaraba, na alilinyanyua kwa vidole viwili. Kijana wa nyuma yake aliburuza sanduku linaloruka kila linapogusa kokoto. Utingo, ambaye maisha yake yote ni kupokea mizigo na kuisukuma ndani ya buti, alishindwa kuvumilia.

"Dada, hawa wamebeba upepo. Mzigo una mkono wake, huu hauna."

Alikuwa sahihi. Bega la mtu aliyebeba mzigo hushuka, shingo huinamia upande wa pili, vidole hukaza. Mtazamaji hajui kueleza, ila akiona bega limenyooka anahisi uongo. Utingo alikimbia dukani akarudi na katoni mbili za maji, kila moja chupa 12 za lita moja na nusu, yaani kilo 18 na ushee. Moja ikaingia kwenye shangazi kaja, moja kwenye sanduku. Mama aliponyanyua tena alisema "Yesu wangu," na hapo hapo akawa abiria.

Saa 11:52 mpiga picha aliacha kuongea. Mbingu nyuma ya basi ilikuwa na mstari wa chungwa, mwembamba, juu ya paa za nyumba. Alipiga, akatazama, akapiga. Kila baada ya dakika mbili tatu alirekebisha kamera kwa sababu mwanga ulikuwa umeshaongezeka. Tiketi ilinyooshwa na kupokelewa labda mara thelathini. Mara mbili basi jingine lilipita nyuma na kuharibu kila kitu. Mara moja konda alicheka. Saa 11:56 zilitoka tano au sita mfululizo ambazo kila kitu kilikuwa mahali pake: mbingu imeiva, DODOMA inasomeka, mwanga mweupe unatoka mlangoni na kumwangukia mama usoni, bega lake limeshuka kwa maji lita 18. Saa 12:01 mbingu ilishapauka kidogo na taa za basi zilianza kuonekana kama zimesahauliwa kuzimwa. Saa 12:05 alifunga kamera.

Jua lilitoka dakika nne baadaye, jekundu, la kupendeza mno, sawasawa nyuma ya nguzo aliyonionesha. Watu wote tuligeuka kulitazama isipokuwa yeye, aliyekuwa anakunja miguu ya kamera. Basi lilirudi kwenye nafasi yake, abiria halisi wakapanda, katoni za maji zikafunguliwa zikagawiwa safarini.

Ningeishia hapo, ila bango halijawa bango mpaka lichapwe, na nimeona picha nzuri nyingi zikifia kwenye hatua hii. Kamera aliyotumia hutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 6,000, yaani nukta za rangi. Zikitandazwa kwenye karatasi ya A1, kila sentimita inapata nukta 67. Kwa bango linalotazamwa na mtu aliye hatua mbili tatu mbali, hizo zinatosha na kubaki. Kampuni ikaipokea picha, karani akaituma kwa mchapaji kwa wasapu, kama anavyotuma picha ya mtoto wake. Wasapu inapotuma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ili iende haraka, na iliyofika kwa mchapaji ilikuwa na pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Hiyo ni nukta 18 kwa sentimita. Kwenye simu ilionekana safi kabisa. Kwenye karatasi ya majaribio kingo za herufi za DODOMA zilikuwa na meno kama msumeno, na uso wa mama ulikuwa kama umepigwa kupitia kioo chenye mvuke. Dawa yake ni rahisi, kutuma faili kama waraka na si kama picha, au kulipeleka kwenye flashi kwa bodaboda.

Karatasi hiyo ya majaribio ilionesha jingine pia. Chungwa la mbinguni lilikuwa limefifia, linaelekea udongo. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi haitoi. Mashine hutengeneza kila rangi kwa wino wa aina nne, na chungwa kali linalowaka ni moja ya rangi ambazo wino huo hauzifikii. Mpiga picha alilijua hilo, akapunguza mwenyewe ukali wa chungwa na kukoleza buluu iliyo juu yake, ili jicho lilinganishe na kuliona chungwa lina moto kuliko lilivyo. Karatasi ya pili ilikubalika, ndipo nakala zikachapwa. Anayechapa nakala zote bila kutazama moja kwanza hujutia fedha zake.

Kosa la mwisho lilinusurika kidogo litokee. Mchoraji wa bango aliona jina la kampuni lingependeza zaidi basi likiwa limetazama upande wa pili, akaigeuza picha kama kwenye kioo, kisha akayarekebisha maandishi yasomeke. Kazi safi, huwezi kuona alipokata. Aliyegundua ni yule dereva mwenye kofia ya sufu, aliyepita ofisini kuchukua posho. Alitazama kompyuta kidogo, akauliza hawa abiria wanapandia wapi, upande wa dereva?

Mabango ya namna hiyo yapo mitaani, mengine ya picha zilizogeuzwa, mengine ya picha zilizonunuliwa kutoka nchi ambazo magari hutembea kulia. Safari ijayo ukiwa kwenye foleni ya tiketi, kabla hujaangalia mbingu, angalia mlango uko upande gani.